Kulipa kwa saa janja huku simu umeiacha nyumbani

Anayekimbia Karura alfajiri, au anayepita Moi Avenue jioni akiwa na wasiwasi wa wanyakuzi wa simu, ana sababu nzuri ya kutaka kununua maziwa bila kubeba chochote mfukoni. Saa janja yenye uwezo wa kulipa inaweza kumsaidia. Ila wengi hawaamini mpaka waone: simu iko Kasarani kitandani, haina hata chaji, na saa inalipa supamaketi ya Kiambu Road kama kawaida. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiandaa saa ili ifanye hivyo, kinachotokea unapoigusisha kwenye mashine, na jinsi ya kutambua kosa liko wapi malipo yanapokataa. Nitatumia Garmin kama mfano kwa sababu wakimbiaji wengi wanayo, lakini kanuni ya tokeni, yaani nambari mbadala inayowekwa kwenye saa badala ya nambari ya kadi, ni ileile kwa Apple Watch na saa nyinginezo.

Neno moja kwanza kuhusu mahali unapoweza kulipa. Saa hii haihusiani na M-Pesa. Inalipa kwa kadi ya benki, kwenye mashine ya kadi yenye alama ya mawimbi manne yaliyopinda, ile ambayo keshia anakuambia "gusa tu hapo". Mama mboga, kondakta wa matatu na kibanda cha chapati bado watakutajia till namba, na hapo saa haitakufaa. Ukitoka bila simu, weka noti ya mia mbili kwenye soksi.

Kabla hujanunua saa

Fungua orodha ya benki kwenye tovuti ya mtengenezaji wa saa, chagua Kenya, na utafute benki yako. Halafu piga simu benki uulize kama kadi yako mahususi, aina yako hiyo ya debiti au ya mkopo, inakubaliwa. Usiridhike na jibu la "tunakubali". Benki inaweza kuwa kwenye orodha na bado aina moja ya kadi zake ikaachwa nje, na pia inaweza kuwa inakubali Garmin lakini haijafungulia Google Wallet, au kinyume chake. Kama jibu ni hapana, hakuna mbinu ya kuzunguka, kwa hiyo usimkubalie muuzaji wa Luthuli Avenue anayekuambia atakuwekea.

Angalia pia modeli. Si kila Garmin ina chipu ya malipo. Lazima maelezo yake yaseme Garmin Pay.

Hatua ya kwanza: kusajili kadi, na hapa simu inahitajika

Kaa mahali penye intaneti nzuri, ukiwa na simu, saa, kadi yenyewe, na laini ile benki inayoijua. Hili la laini ndilo huwakwamisha watu zaidi. Benki itatuma nambari ya uthibitisho kwa SMS, na kama bado wana ile laini yako ya zamani uliyoiacha ulipohama, utasubiri hadi uchoke. Rekebisha nambari benki kwanza.

Kwenye simu fungua Garmin Connect, chagua saa yako, kisha Garmin Pay, kisha Get Started. Itakudai utunge nambari ya siri ya tarakimu 4. Hii ni ya saa, si pini ya kadi, na ni vizuri zisifanane. Kisha unaingiza nambari ya kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma, unakubali masharti ya benki, na unaandika nambari ya uthibitisho iliyokuja kwa SMS. Dakika chache baadaye picha ya kadi inaonekana kwenye saa.

Watu wengi hudhani kwamba hapo kadi yao imenakiliwa ndani ya saa. Sivyo. Nambari yako ya kadi ilisafiri hadi kwa mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, nao wakaiuliza benki yako: huyu mteja ni wenu, na mnaruhusu? Benki iliporidhika na SMS ile, mtandao ukatengeneza nambari nyingine kabisa inayofanana na nambari ya kadi kwa sura, yenye tarehe yake ya mwisho, ukaifungia ndani ya chipu salama ya saa hiyo moja. Nambari hiyo ndiyo tokeni. Utaratibu wake uliandikwa na EMVCo, chombo cha pamoja cha kampuni za kadi, mwaka 2014, na Apple Pay ilipozinduliwa Oktoba mwaka huohuo ndipo umma ulipoanza kuutumia kwa wingi.

Uhusiano kati ya tokeni na kadi yako halisi haukai kwenye saa wala kwenye simu. Unakaa kwenye hifadhi ya Visa au Mastercard. Pamoja na tokeni, saa hupewa ufunguo wa siri usiotoka ndani ya chipu. Kwa hiyo simu ilikuwa mkunga tu: mtoto akishazaliwa, anapumua mwenyewe.

Kabla hujaendelea, fungua maelezo ya kadi ndani ya programu na uangalie tarakimu nne za mwisho za hiyo nambari mpya. Ziandike mahali. Tuseme kadi yako ya plastiki inaishia 4417, na saa imepewa nambari inayoishia 9032. Ukisajili kadi hiyohiyo kwenye simu pia, simu itapata tokeni yake yenyewe, tuseme inayoishia 1156. Ni kadi moja na akaunti moja, lakini nambari tatu tofauti, na kila moja inaweza kufungwa peke yake. Tutazihitaji nambari hizi hapo mbele.

Hatua ya pili: jaribio karibu na nyumbani

Usisubiri siku ya mbio ndefu. Iache simu nyumbani kwa makusudi, beba kadi ya plastiki kama akiba, nenda supamaketi unayoijua. Chukua vitu vichache, maziwa, mkate na mayai, jumla tuseme shilingi 740.

Kwenye kaunta mwambie keshia unalipa kwa kadi. Usiseme kwa saa, maana wengine wataanza kumwita msimamizi. Mwache aingize kiasi kwanza. Wakati anaingiza, shikilia kitufe cha saa kinachofungua menyu ya vidhibiti, chagua Wallet, na uweke zile tarakimu 4. Kadi itatokea kwenye uso wa saa. Kuanzia hapo una sekunde 60, na ndiyo sababu hufai kuanza mapema ukiwa bado kwenye foleni nyuma ya mtu anayebishana kuhusu bei ya sukari.

Uelekeze uso wa saa kwenye alama ya mawimbi. Mawasiliano ya NFC, yaani haya ya kulipa kwa kugusisha, hufika sentimita chache tu, kama nne, na antena ya mashine haiko mahali pamoja kwa mashine zote: nyingine iko juu ya skrini, nyingine ubavuni, nyingine kwenye kichwa inapotokea karatasi. Mkono wako pia unapaswa kujikunja kidogo. Shikilia, usipitishe kwa haraka kama unayepangusa. Saa itatetemeka na kuonyesha alama ya tiki.

Tiki hiyo maana yake ni kwamba saa imemaliza kuzungumza na mashine. Haisemi kwamba umelipa. Malipo yamekubaliwa pale mashine inapoandika APPROVED na kutoa risiti. Kila wiki kuna mtu anayebishana na keshia akimwonyesha tiki, na keshia ndiye mwenye haki.

Kilichopita kati ya tiki na risiti

Inafaa kuelewa sehemu hii, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini simu haikuhitajika, na ndiyo itakayokusaidia kujua kosa liko wapi.

Mashine iliipa saa kiasi, shilingi 740, pamoja na nambari ya nasibu iliyotungwa papo hapo. Chipu ya saa ilichukua hayo, ikaongeza hesabu yake ya malipo, ile inayopanda kwa moja kila mara, ikayapitisha kwenye ufunguo wake wa siri na kutoa muhuri wa mara moja. Kisha ikaikabidhi mashine vitu viwili: tokeni inayoishia 9032, na muhuri huo. Kazi yote hii ilifanyika ndani ya saa, kwa umeme wa betri ya saa, bila Bluetuthi na bila intaneti.

Aliyehitaji intaneti ni mashine. Kupitia laini yake au mtandao wa duka, ilituma tokeni na muhuri kwa benki ya duka, ikapita hadi kwa mtandao wa kadi. Huko ndiko hifadhi ilikokagua: tokeni hii ni hai? Muhuri ni wa kweli? Hesabu imesonga mbele au inarudia ya zamani? Na je, imekuja kwa njia ya kugusa, kama tokeni ya saa inavyoruhusiwa, au kuna mtu anajaribu kuiandika kwenye duka la mtandaoni? Ilipopita, 9032 ikabadilishwa kuwa kadi inayoishia 4417, na ombi likaenda benki yako. Benki ikatazama salio, ikajibu ndiyo, na jibu likarudi njia ileile. Sekunde chache tu.

SMS ya benki ya kukatwa 740 ilifika nayo, ila ilifika nyumbani, kwenye simu.

Ndiyo maana pia duka likidukuliwa na nambari zao zikaibwa, mwizi atapata 9032 na muhuri uliokwisha kutumika. Haviwezi kununua hata bigijii.

Soma risiti

Angalia tarakimu nne zilizochapwa. Zitakuwa 9032, si 4417. Wengi wakiona hivyo hushtuka wakidhani wametozwa kwa kadi ya mtu mwingine. Ni sawa kabisa. Ila ishike, kwa sababu ukirudisha bidhaa na duka likataka "kadi uliyolipia", ukitoa plastiki ya 4417 haitalingana na risiti. Rudi na saa ileile, uigusishe tena warudishe pesa humo. Na ukiwa umefuta kadi kwenye saa na kuisajili upya katikati ya hapo, utakuwa na tokeni mpya yenye tarakimu nyingine, na mazungumzo na msimamizi yatakuwa marefu. Kama una kitu unachofikiria kurudisha, usiguse mipangilio ya saa kwanza.

Malipo yakikataa

Swali la kwanza ni moja tu: saa ilitetemeka au haikutetemeka?

Kama haikutetemeka, mashine na saa hazijaonana. Sekunde 60 zimeisha, au keshia hajaweka kiasi, au umegusisha upande usio na antena, au mashine ni ya zamani isiyosoma kwa kugusa. Fungua Wallet upya, uliza alama iko wapi, ujaribu tena. Hapo hujakatwa chochote, kwa hiyo rudia bila hofu.

Kama ilitetemeka lakini mashine ikaandika DECLINED, saa imefanya kazi yake na kosa liko mbele: salio halitoshi, benki imeweka zuio, au kadi imesimamishwa. Kurudia mara tano hakutasaidia. Benki ndiyo itakayokuambia, na hapo ndipo utaikumbuka simu.

Hali ya tatu ndiyo ya kuangalia kwa makini: saa ilitetemeka, halafu mashine ikaganda ikitafuta mtandao, na mwishowe ikasema hakuna jibu. Hapa hujui kama benki ilijibu au la. Usigusishe tena mara moja. Mwombe keshia achape karatasi ya muamala ulioshindikana, na kama una njia ya kuona taarifa ya akaunti, itazame kwanza. Pesa iliyoshikiliwa kwa muamala ambao haukukamilika kwa kawaida hurudishwa na benki, lakini karatasi ile ndiyo ushahidi wako isiporudi.

Mashine ikidai pini, weka pini ya kadi ya plastiki, si zile tarakimu 4 za saa. Kwa kanuni, saa inaiambia mashine kwamba mwenye kadi ameshathibitishwa, lakini benki na maduka huweka masharti yao, hasa kwa kiasi kikubwa. Kama huikumbuki pini ya kadi, jaribio la kwanza la karibu na nyumbani ndipo pa kuligundua hilo.

Masharti ambayo saa haitakusamehe

Ukishaweka nambari ya siri, Garmin inakuruhusu kulipa kwa muda wa saa 24 bila kuiweka tena, mradi saa haijatoka mkononi. Inajua iko mkononi kwa kihisi cha mapigo ya moyo. Ukizima kihisi hicho kuokoa betri, au ukiuvaa mkanda ukilegea mpaka saa inazunguka, itakudai nambari upya kila mara. Wenye jasho jingi kileleni mwa Ngong wanalijua hili. Kaza tundu moja zaidi.

Ukikosea nambari mara tatu, mkoba, yaani ile Wallet, hufungwa, na kuufungua ni kupitia Garmin Connect kwenye simu. Kwa hiyo kwa mtu aliye kilomita kumi kutoka nyumbani, jaribio la tatu ni la kufikiria mara mbili. Ukiisahau kabisa, unaufuta mkoba wote na kusajili kadi upya.

Betri ikiisha, hakuna malipo. Kadi ya plastiki hupata umeme kutoka kwa mashine. Saa inategemea wake. Tazama asilimia kabla hujatoka, hasa kama unakimbia na ramani imewashwa.

Kuna aina nyingine ya saa na simu ambazo hazitegemei chipu pekee, bali hupewa funguo za muda chache kwa wakati mmoja kutoka mtandaoni. Hizo nazo hulipa bila simu, ila zikikaa mbali na intaneti kwa muda na funguo zikaisha, zitakataa mpaka ziunganishwe. Dalili yake ni kwamba malipo machache ya mwanzo hupita vizuri, halafu ghafla yanagoma. Ukirudi nyumbani kwenye Wi-Fi, zinapona zenyewe.

Saa ikipotea au kuibwa

Ikitolewa mkononi inajifunga, kwa hiyo mwizi anahitaji nambari ya siri. Hata hivyo piga simu benki na useme maneno haya: naomba msimamishe tokeni inayoishia 9032, kadi yenyewe iachwe. Hapa ndipo zile tarakimu ulizoandika zinapokufaa. Tokeni inasimamishwa kule kwenye hifadhi ya mtandao wa kadi, si kwenye saa, kwa hiyo hata kama saa iko Gikomba imezimwa, haina mawasiliano na mtu yeyote, ikija kugusishwa kwenye mashine itakataliwa. Plastiki ya 4417 na simu ya 1156 zinaendelea kufanya kazi. Mhudumu akikuambia lazima afunge kadi nzima, mwombe akuunganishe na idara ya kadi.

Kinyume chake kina hatari, na si wengi wanaoijua. Wale matapeli wa kupiga simu, tunaowaita wa Kamiti, wakipata nambari ya kadi yako wanaweza kujaribu kuisajili kwenye kifaa chao. Kinachowazuia ni ile SMS ya uthibitisho. Ukiwasomea, umewapa tokeni yao wenyewe, yenye muhuri halali, na kila wanachonunua kitaonekana benki kama malipo yako. Mbaya zaidi, tokeni imefungamanishwa na akaunti, na mfumo unaruhusu ihamishiwe kwenye kadi mpya ili mteja asisumbuke kusajili upya. Kwa hiyo kubadilisha plastiki peke yake huenda kusimwondoe mgeni huyo. SMS ya kuongeza kadi ikija na wewe hujaongeza chochote, piga simu benki ukitumia nambari iliyo nyuma ya kadi, uwaambie wakusomee tokeni zote zilizo hai kwenye kadi yako. Zile ambazo hazimo kwenye orodha yako, 9032 na 1156, zifutwe wakati bado uko kwenye laini.